Jinsi ya Kupima Muda wa Kugundua na Kudhibiti Mashambulizi ya Mtandao, na Namna Idadi ya Tahadhari Inavyompotosha Meneja

Ripoti ya mwezi ya kikosi cha ulinzi wa mtandao kwa kawaida huanza na namba moja kubwa, nayo ni idadi ya tahadhari zilizopokelewa, ikifuatwa na idadi ya zilizofungwa na wastani wa muda uliotumika kuzifunga. Meneja akiona tahadhari zimepungua hudhani hatari imepungua, na akiona zimeongezeka huuliza kama kikosi kinahitaji watu zaidi. Tafsiri zote mbili zinaweza kuwa kinyume kabisa cha hali halisi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuachana na hesabu hiyo na kujenga vipimo viwili vinavyobeba maana, yaani muda wa kugundua, ambao dashibodi nyingi huuandika MTTD, na muda wa kudhibiti, ambao huandikwa MTTR. Vipimo hivi navyo vina mitego yake, na sehemu kubwa ya maelezo itahusu mitego hiyo.

Hatua ya kwanza: tenganisha tahadhari na tukio kabla ya kupiga hesabu yoyote

Tahadhari ni kauli ya mashine kwamba kanuni fulani imetimia. Tukio ni shambulio ambalo mtu amelichunguza na kuthibitisha kwamba limetokea. Tahadhari 40 zinaweza kuzaa tukio moja, na tahadhari 4,000 zinaweza zisizae lolote. Ukivichanganya viwili hivi katika wastani mmoja, kelele nyingi zinazofungwa kwa dakika chache humeza mashambulizi machache yaliyochukua siku kadhaa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mwezi mmoja kikosi kilipokea tahadhari 6,000. Kati yake 5,988 zilikuwa kelele, na kila moja ilifungwa kwa wastani wa dakika 4 tangu mchambuzi alipoifungua. Zile 12 zilizobaki zilikuwa mashambulizi ya kweli, na kuyadhibiti kulichukua wastani wa saa 26, sawa na dakika 1,560. Dashibodi inayojumlisha zote itafanya hesabu ifuatayo:

```
(5988 × 4 + 12 × 1560) / 6000 = 7.1
```

Meneja anaambiwa kwamba kikosi hushughulikia tahadhari kwa dakika 7, naye anaridhika, ingawa mashambulizi ya kweli yalidumu zaidi ya siku nzima kwa wastani.

Mwezi unaofuata mhandisi mmoja anagundua kwamba tahadhari 4,000 kati ya zile zilitoka katika kanuni moja. Hati ya kunakili data, yaani programu ndogo inayojiendesha yenyewe, ilikuwa bado inatumia nywila ya zamani, ikajaribu kuingia kila baada ya dakika kama 11, usiku na mchana, na kila jaribio lililoshindwa likaandika tahadhari. Mhandisi anarekebisha nywila ndani ya hati yenyewe badala ya kuinyamazisha kanuni, jambo ambalo ndilo sahihi, kwa sababu kanuni ile inaweza kuhitajika siku mtu atakapokuwa anabahatisha nywila kweli. Mambo mengine yote yakibaki vilevile, dashibodi sasa inasema hivi:

```
(1988 × 4 + 12 × 1560) / 2000 = 13.3
```

Kazi nzuri kuliko zote iliyofanyika mwezi huo imeufanya muda wa kikosi uonekane kuwa karibu mara mbili ya ule wa awali. Meneja anayesoma wastani huo peke yake atauliza ni nani amezembea, na mhandisi atajifunza kwamba ni salama zaidi kuiacha kelele iendelee. Madhara makubwa ya hesabu ya tahadhari yako hapa: huwaadhibu wale wanaosafisha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya kiutaratibu. Tengeneza jedwali la matukio lililo mbali na jedwali la tahadhari, na usiruhusu mstari wowote kuingia humo mpaka mchambuzi awe amethibitisha shambulio. Tahadhari zote zinazohusu shambulio hilo ziunganishwe na mstari huo mmoja.

Hatua ya pili: andika nyakati nne, na uamue mapema maana ya kila moja

Kila tukio linahitaji nyakati nne. `started_at` ni wakati wa kitendo cha kwanza cha mvamizi unachoweza kukithibitisha. `alerted_at` ni wakati mfumo ulipotoa tahadhari ya kwanza inayohusiana na shambulio hilo. `confirmed_at` ni wakati mtu alipoamua kwamba hili ni shambulio. `contained_at` ni wakati mvamizi alipokosa njia yoyote ya kuendelea. Muda wa kugundua ni tofauti kati ya `started_at` na `confirmed_at`, na muda wa kudhibiti ni tofauti kati ya `confirmed_at` na `contained_at`.

Baadhi ya zana huhesabu ugunduzi hadi tahadhari inapotoka, si hadi mtu anapothibitisha. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini uvamizi wa mtandao wa Target nchini Marekani mwaka 2013 unaonyesha uzito wake. Mfumo wa kutambua programu hasidi ulitoa tahadhari tarehe 30 Novemba, lakini hazikufanyiwa kazi, na tarehe 12 Desemba Wizara ya Sheria ya Marekani ndiyo iliyoiarifu kampuni kuhusu wizi huo. Taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40 ziliibwa. Ukihesabu hadi tahadhari, ugunduzi ulikuwa wa mapema na wa kusifiwa. Ukihesabu hadi mtu kuthibitisha, unaona siku zile ambazo wizi uliendelea. Mashine iliyosema bila kusikilizwa haijagundua kitu, na hesabu yako inapaswa kukubali hivyo.

`started_at` ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu haijulikani siku ya kwanza. Mchambuzi huijaza uchunguzi unapoendelea, na mara nyingi husogezwa nyuma kadiri logi za zamani zinavyosomwa. Iruhusu isogee, lakini hifadhi kumbukumbu ya kila badiliko. Ikiwa logi zako huhifadhiwa kwa siku 30 tu, hakuna tukio litakaloonekana kuwa lilianza zaidi ya siku 30 zilizopita, na muda wako wa kugundua utakuwa na dari ambayo haihusiani na ustadi wa mtu yeyote. Pale ambapo mwanzo wa shambulio unaangukia kwenye logi ya zamani kuliko zote ulizo nazo, weka alama kwamba muda huo ni wa chini kabisa unaowezekana.

Angalia pia kama wakati unaousoma ni wa kitendo au wa kuwasili kwa logi. Mifumo mingi hutunza vyote viwili kwa majina tofauti: katika Splunk ni `_time` na `_indextime`, na katika Elastic ni `@timestamp` na `event.ingested`. Chukua saa moja ya logi kutoka kila chanzo na upime tofauti ya nyakati hizo mbili. Chanzo kinachochelewa kwa dakika 90, huku kanuni ikiendeshwa kila saa na kutazama saa moja tu nyuma, hakitatoa tahadhari yoyote milele, na ukimya wake utaonekana kama usalama. Nyakati zote ziandikwe kwa UTC, vinginevyo tukio lililovuka seva za kanda mbili za saa linaweza kuonekana kudhibitiwa kabla halijaanza.

Hatua ya tatu: weka sharti la kudhibitiwa linaloweza kukaguliwa

Rudi kwenye matukio 12 ya mfano wetu. Muda wa kudhibiti kila moja, kwa saa, ulikuwa huu:

```
1, 1, 2, 2, 3, 3, 4, 5, 6, 9, 36, 240
```

Jumla ni saa 312, na ndiyo iliyotupa wastani wa saa 26. Tuangalie kwa karibu lile la saa 240. Mtumiaji mmoja aliingiza nywila yake katika ukurasa bandia, na mvamizi akaingia kwenye sanduku lake la barua pepe. Mchambuzi alithibitisha shambulio, akabadilisha nywila, akafunga tiketi ndani ya saa 2. Hakufuta vipindi vilivyokuwa wazi, hivyo kivinjari cha mvamizi kiliendelea kukubaliwa bila kuulizwa nywila mpya. Wala hakufungua orodha ya kanuni za sanduku, ambamo mvamizi alikuwa ameweka agizo la kupeleka nje nakala ya kila barua yenye neno "malipo". Siku ya 10 idara ya fedha ilipokea ankara iliyobadilishwa namba ya akaunti, tiketi mpya ikafunguliwa, na safari hii kazi ilimalizika kwa saa 2.

Mfumo wa tiketi unaona matukio mawili, kila moja likiwa limedhibitiwa kwa saa 2. Ukihesabu hivyo, tiketi zinakuwa 13 zenye jumla ya saa 76, na wastani unashuka kutoka saa 26 hadi chini ya saa 6, bila mtu yeyote kusema uongo. Ndiyo maana kufungwa kwa tiketi hakupaswi kamwe kutumika kama `contained_at`. Andika kwa kila aina ya shambulio masharti yanayoweza kukaguliwa na mtu wa pili. Kwa sanduku la barua, masharti hayo ni nywila kubadilishwa, vipindi vyote kufutwa, kanuni za kupeleka barua kukaguliwa, njia za uthibitisho wa hatua mbili zilizoongezwa na mvamizi kuondolewa, na ruhusa zilizotolewa kwa programu za nje kupitiwa. `contained_at` ni wakati wa sharti la mwisho kutimia. Shambulio likirejea kupitia njia ileile, tiketi mpya huunganishwa na ya zamani na muda huhesabiwa bila kukatizwa tangu `confirmed_at` ya kwanza.

Kikosi kitalalamika kwamba utaratibu huu unaharibu namba zake. Ni kweli kwamba namba zitapanda mwanzoni, na meneja aambiwe hivyo kabla ya ripoti ya kwanza kumfikia, si baada.

Hatua ya nne: acha wastani, tumia thamani ya kati pamoja na tukio refu zaidi

Katika orodha ile, thamani ya kati, yaani pointi ambayo nusu ya matukio yako chini yake na nusu juu yake, ni saa 3.5. Wastani ni saa 26, ingawa matukio 10 kati ya 12 yalidhibitiwa ndani ya saa 9. Hakuna tukio hata moja lililochukua saa zinazokaribia 26. Wastani hapa hauelezi kazi ya kawaida wala hauelezi lile shambulio baya. Uko mahali patupu katikati.

Hata hivyo thamani ya kati peke yake nayo inaficha, kwa kuwa ingebaki saa 3.5 hata kama tukio la mwisho lingedumu mwaka mzima. Kwa hiyo toa zote mbili, thamani ya kati na tukio refu zaidi, na umwambie msomaji tukio hilo refu lilikuwa lipi. Ukiwa na matukio mengi, kwa mfano zaidi ya 50, unaweza kuongeza muda ambao matukio tisa kati ya kumi huwa yamedhibitiwa. Kwa matukio 12 kipimo hicho hutegemea mstari mmoja au miwili tu, na sioni faida ya kukiweka.

Kwa hifadhidata ya PostgreSQL swali linaweza kuandikwa hivi:

```sql
SELECT ukali,
       count(*) AS idadi,
       percentile_cont(0.5) WITHIN GROUP (ORDER BY
         coalesce(contained_at, now()) - confirmed_at) AS ya_kati,
       max(coalesce(contained_at, now()) - confirmed_at) AS refu_zaidi
FROM matukio
WHERE confirmed_at >= date '2025-01-01'
GROUP BY ukali;
```

Sehemu ya `coalesce` haikuwekwa kwa mapambo. Tukio ambalo bado halijadhibitiwa halina `contained_at`, na bila sehemu hiyo hesabu ingeliruka kimyakimya. Matokeo yake ni kwamba mashambulizi magumu kuliko yote, yale yanayovuka mwisho wa mwezi, yangetoweka katika ripoti ya mwezi ambao yalikuwa yanauma. Kutenganisha kwa `ukali` nako ni lazima, kwa sababu mwezi wenye vijitukio vingi vidogo utaonekana wa kasi hata kama lile moja zito lilishughulikiwa vibaya.

Hatua ya tano: pima yale ambayo hayakugunduliwa

Muda wa kugundua huhesabiwa kwa mashambulizi yaliyogunduliwa tu. Kikosi kisichoona chochote isipokuwa mambo ya wazi kitakuwa na MTTD nzuri sana, na kikianza kuona wavamizi waliojificha kwa miezi, MTTD yake itaharibika mwezi huohuo kilipopata nguvu mpya ya kuona.

Uvamizi wa Equifax wa mwaka 2017 unaonyesha jambo hili kwa ukali. Wavamizi walianza kutoa data tarehe 13 Mei. Kifaa kilichopaswa kukagua mawasiliano yaliyosimbwa kilikuwa na cheti kilichokwisha muda wake miezi mingi kabla, na mawasiliano yakawa yanapita bila kukaguliwa. Cheti kilipobadilishwa tarehe 29 Julai, mawasiliano ya kutiliwa shaka yalionekana mara moja. Katika wiki zote zile kifaa kile hakikuwa na cha kutahadharisha, na yeyote aliyekuwa akihesabu tahadhari zake angeona utulivu.

Dawa ya upofu huu ni majaribio ya makusudi, ambayo yana faida ya pekee: `started_at` inajulikana hadi sekunde, kwa kuwa ni wewe uliyeanzisha. Chagua mbinu chache katika MITRE ATT&CK, orodha ya mbinu za wavamizi, zinazohusu mifumo yako, pata idhini ya maandishi, kisha uziigize moja moja. Kwa mfano, mbinu T1053.005 ni ya mvamizi kujipatia makazi katika Windows kwa kutengeneza kazi iliyopangiwa muda. Katika kompyuta ya majaribio unaweza kuiga hivi:

```
schtasks /create /tn jaribio /tr calc.exe /sc once /st 23:00
```

Kisha subiri, bila kuwaambia walio zamu. Ikiwa hakuna kinachotokea, usiilaumu zamu kabla ya kukagua njia nzima. Windows huandika tukio namba 4698 kazi ya namna hii inapotengenezwa, lakini huandika pale tu ukaguzi wa kundi husika ulipowashwa:

```
auditpol /get /subcategory:"Other Object Access Events"
```

Jibu likiwa `No Auditing`, hakukuwa na logi ya kusafirisha, na kanuni iliyoandikwa kwa ustadi ilikuwa inasubiri kitu kisichokuja. Ukaguzi ukiwa umewashwa, fuatilia iwapo logi ilifika, iwapo kanuni iliisoma, na iwapo tahadhari ilitoka na kumfikia mtu. Andika jaribio lilikwama wapi. Baada ya kumaliza, futa kazi ile kwa `schtasks /delete /tn jaribio /f`. Idadi ya majaribio yaliyofika hadi kwa mtu, kati ya yote yaliyofanywa, iwekwe kando ya MTTD katika ripoti, kwa sababu inamwambia msomaji MTTD hiyo inazungumzia sehemu gani ya mashambulizi yanayowezekana.

Hatua ya sita: andika nani aliyegundua

Ongeza safu moja katika jedwali: tukio liligunduliwa na kikosi chenyewe, na mtu wa nje, au na mvamizi mwenyewe kujitangaza. Ripoti za kila mwaka za kampuni ya Mandiant zinaonyesha kwamba thamani ya kati ya siku ambazo wavamizi hukaa bila kugunduliwa ilikuwa 416 mwaka 2011, na ilishuka hadi 10 mwaka 2023. Sehemu ya mshuko huo inatokana na programu za kudai fidia, ambapo mvamizi huacha ujumbe kwenye skrini akidai pesa. Muda wa kugundua katika hali hiyo ni mfupi kwa sababu mhalifu ameamua kuonekana. Matukio ya aina hii yakichanganywa na yale uliyoyagundua mwenyewe, kushambuliwa vibaya kutaonekana kama kuboreka kwa ugunduzi.

Hatua ya saba: linda vipimo visichezewe, na uipeleke hesabu ya tahadhari inapostahili

Mara tu muda unapotumika kupima utendaji wa mtu, watu hupata njia ya kuufupisha. Mchambuzi huchunguza kwanza, kisha hufungua tukio akiwa karibu kumaliza, na muda wa kudhibiti huwa wa ajabu. Utalitambua hili kwa kuangalia pengo kati ya `alerted_at` na `confirmed_at`: likikua huku muda wa kudhibiti ukipungua, saa imehamishwa tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Njia ya pili ni kufunga tahadhari kama kelele bila kusoma. Kwa hilo, kila wiki chukua kwa kubahatisha tahadhari 20 zilizofungwa kama kelele na umpe mchambuzi mwingine azichunguze upya bila kuona uamuzi wa kwanza. Mkigundua hata shambulio moja la kweli humo, hilo ni tukio, na `confirmed_at` yake ni siku ya ukaguzi, si siku ilipofungwa.

Idadi ya tahadhari haitupwi. Mahali pake ni mezani kwa wahandisi wa kanuni, ikigawanywa kwa kila kanuni: imetoa tahadhari ngapi, ngapi zimekuwa matukio, na imekula dakika ngapi za wachambuzi. Kanuni iliyotoa tahadhari 900 na kuzaa matukio sifuri ndani ya miezi mitatu ichunguzwe, na kanuni ambayo haijatoa hata moja ijaribiwe kwa njia ya hatua ya tano, kwani huenda logi zake zimekatika.

Ukurasa wa meneja ubaki na mambo machache: kwa kila kiwango cha ukali, idadi ya matukio, thamani ya kati ya kugundua na ya kudhibiti, tukio refu zaidi likielezwa kwa sentensi mbili, matukio mangapi yaligunduliwa na kikosi chenyewe, na majaribio mangapi yalimfikia mtu. Idadi ya matukio iandikwe kila mara kando ya muda, na pale inapokuwa chini ya tano usiandike thamani ya kati kabisa. Orodhesha matukio yenyewe moja moja na muda wa kila moja. Linganisha robo mwaka na robo mwaka badala ya mwezi na mwezi, na kila mara ulipobadilisha maana ya wakati wowote kati ya zile nne, chora mstari wima kwenye grafu katika tarehe hiyo na usilinganishe pande zake mbili.